Insulesheni "∞" na Zs moja kwa sakiti zote: kwa nini cheti kimerudi na ujaze nini

Swali: "Mkuu habari za kazi. Nimemaliza wayaringi ya nyumba mpya, sakiti nane, nikajaza cheti cha kukamilisha. Kwenye insulesheni nimeandika ∞ zote, Zs nimeandika 0.32 zote maana nilipima kwenye bodi. Mkaguzi karudisha, kaandika tu 'matokeo hayaaminiki'. Ethi ni ya kampuni ya umeme, brekari za soketi ni C20, waya 2.5 zote tatu, soketi ya mbali iko kibanda cha pampu kama mita 45. Kazi ni safi, sasa nimekosea wapi?"

Jibu:

Salama fundi. Nakuamini ukisema kazi ni safi, lakini mkaguzi hakuwepo wakati unavuta waya, yeye ana karatasi tu, na hiyo karatasi inamwambia vitu viwili: hii mega, mita ya insulesheni, huyu hakuisoma, na hii lupu, yaani Zs, huyu aliipima mahali pamoja akaisambaza. Hakuhitaji hata kuja saiti kujua. Ngoja nikueleze alivyojua, maana ukishaelewa anavyosoma yeye utajua mwenyewe cha kuandika.

Nianze na Zs maana ndiyo iliyokuumbua zaidi. Zs ni ukinzani wa njia nzima ambayo umeme wa hitilafu unapita, kuanzia transfoma, kuja na laivu mpaka bodi, kutoka bodi mpaka mwisho wa sakiti, halafu kurudi na waya wa ethi mpaka transfoma tena. Ile sehemu ya nje ya nyumba tunaiita Ze, na ile ya ndani ni laivu ya sakiti ambayo ni R1 ukijumlisha na ethi ya sakiti ambayo ni R2. Kwa hiyo:

```
Zs = Ze + (R1 + R2)
```

Sasa angalia cheti chako. Ukurasa wa mbele naamini umeandika Ze 0.32 au karibu na hapo, halafu kwenye jedwali sakiti zote nane Zs ni 0.32. Ukitoa, R1 + R2 inabaki sifuri. Yaani sakiti ya taa, ya soketi, na ile inayokwenda mita 45 mpaka kwa pampu, zote waya zake hazina ukinzani hata kidogo. Waya wa hivyo haupo. Mkaguzi yeyote mzoefu hiyo hesabu anaifanya kwa macho, sekunde mbili. Ulichopima ni Zs ya bodi, na hiyo ni namba halali kabisa ina mahali pake kwenye cheti, ila kwenye mstari wa sakiti inatakiwa namba ya sehemu ya mbali kuliko zote ya hiyo sakiti, kwa sababu hapo ndipo hitilafu itakuwa na umeme mdogo zaidi na brekari itapata shida zaidi kukata.

Twende kwenye sakiti yako ya pampu, hiyo ndiyo itakufundisha yote. Waya wa shaba wa 2.5 una ukinzani wa 7.41 miliomu kwa kila mita kwenye nyuzi 20. Laivu 2.5 na ethi 2.5 ukijumlisha ni 14.82 miliomu kwa mita. Zidisha kwa mita 45 unapata 667 miliomu, yaani 0.67 Ω. Ongeza Ze ya 0.32, Zs yako inatakiwa iwe karibu 0.99 Ω. Sio 0.32. Ni mara tatu yake.

Je 0.99 inafaa? Hapo ndipo aina ya brekari inaingia, na hapo naona wengi wanateleza. Brekari ya aina B inakata papo hapo ukifika mara 5 ya ampea zake, ya aina C inahitaji mara 10. Kwa hiyo C20 inataka ampea 200 ndio iruke mara moja, B20 inataka 100 tu. Kiwango cha juu cha Zs kwa hesabu ya BS 7671, kanuni za wayaringi za Uingereza, ni hivi, ile 0.95 ni kwa ajili ya volti kushuka kidogo kwenye laini:

```
C20: 230 × 0.95 / 200 = 1.09 Ω
B20: 230 × 0.95 / 100 = 2.19 Ω
```

Kwa haraka utasema 0.99 iko chini ya 1.09, imepita, tia tiki twende. Hapana. Ile 1.09 ni ya waya ukiwa umebeba mzigo na umepata moto, na wewe umepima au umepiga hesabu waya ukiwa baridi. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 20 mpaka 70, ambayo ndiyo joto la juu la insulesheni ya kawaida ya PVC, ukinzani wake unaongezeka kama asilimia 20. Hiyo 0.67 yako inakuwa 0.80, ongeza 0.32 unapata 1.12. Umepita juu ya 1.09. Siku pampu imefanya kazi mchana kutwa, waya umepata moto, halafu laivu ikagusa chuma cha nje cha pampu, brekari inaweza isiruke kwa ule mguso wa papo hapo, ikaanza kusubiri ile sehemu yake ya joto ambayo inachukua sekunde kadhaa, wakati sakiti ya soketi ya namna hii inatakiwa ikate ndani ya sekunde 0.4. Na kwenye kibanda cha pampu mtu anasimama kwenye maji.

Ndio maana mafundi hutumia kanuni rahisi ya asilimia 80: chukua kiwango cha jedwali zidisha kwa 0.8, ukipima baridi usizidi hapo. 1.09 mara 0.8 ni 0.87. Wewe una 0.99. Kwa hiyo hiyo sakiti kwa brekari peke yake haijapita, na cheti chako cha 0.32 kilikuwa kinaficha hilo bila hata wewe kujua. Sikulaumu, ila ndio sababu naona mkaguzi alikufanyia wema. (Wanaofuata IEC 60364 moja kwa moja wana kanuni kali kidogo, wanachukua theluthi mbili ya volti gawanya kwa ampea za kukata, kwa C20 inatoka 0.77. Tumia ile inayotumika kwenye kanuni unazokaguliwa nazo, usichanganye mbili kwenye cheti kimoja.)

Utafanyaje na hiyo sakiti? Kama kwenye kibanda ni soketi tu ya kawaida na pampu ni ndogo isiyo na msukumo mkubwa wakati wa kuwaka, toa C20 weka B20, kiwango kinapanda mpaka 2.19, asilimia 80 yake ni 1.75, na 0.99 yako inakaa vizuri sana. Umemaliza. Kama pampu inavuta sana ikianza na B20 itakuwa inaruka ovyo, basi C inabaki ila waya ndio ubadilike, vuta 4.0 kwa laivu na ethi: 4.61 mara mbili ni 9.22 miliomu kwa mita, mara 45 ni 0.41, ongeza 0.32 unapata 0.73, iko chini ya 0.87. Njia ya tatu ni kutegemea RCD ya 30 mA kwa kukata hitilafu ya ethi, kanuni zinaruhusu, na hapo kiwango kinakuwa kikubwa sana, volti 50 gawanya kwa 0.03 ni 1667 Ω. Ukichagua hiyo, andika wazi kwenye safu ya maelezo kwamba sakiti hii kukata kwake kunategemea RCD, sio brekari, na matokeo ya jaribio la RCD yawepo. Mimi binafsi kwenye nyumba mpya ambapo bado naweza kubadili brekari au waya siipendi, kwa sababu RCD ni kitu chenye makenika ndani na kinaweza kukwama, na nikiwa na njia mbili za kukata nalala vizuri zaidi. Lakini ni halali, usiogope kuiandika kama ndiyo uliyotumia.

Kupima sasa. Ze kwanza: zima meni swichi, hakikisha imefungwa na mtu hawezi kuiwasha, chomoa waya mkuu wa ethi kutoka kwenye baa ya ethi, pima kati ya laivu inayoingia upande wa kampuni na huo waya uliouchomoa. Unachomoa ili mabomba na nondo zilizounganishwa na ethi zisikusaidie kwa njia ya pembeni. Halafu, na hili naliandika kwa herufi kubwa, RUDISHA HUO WAYA UKAZE KABLA YA KUWASHA CHOCHOTE. Wakati umechomolewa nyumba nzima haina ethi.

Halafu Zs za sakiti una njia mbili. Ya kwanza ni kuipima ikiwa hai mwisho wa sakiti, kwenye soketi ya mbali. Kama kuna RCD mbele utalazimika kutumia ile mode ya kutoangusha RCD, na hiyo inapima kwa umeme mdogo sana kwa hiyo namba inaruka ruka, na RCD au RCBO, yaani brekari yenye RCD ndani, yenyewe inaweza kuongeza ukinzani kidogo. Ukiona 1.21 halafu 1.04 halafu 1.15 kwenye soketi hiyo hiyo usishike ile inayokupendeza. Ya pili, ambayo kwa sakiti mpya mimi naipenda zaidi, ni kupima R1 + R2 ikiwa imezimwa: unganisha laivu na ethi ya sakiti kule kwenye bodi, nenda mwisho wa sakiti na mita ya omu ndogo, pima kati ya laivu na ethi, ukiwa umeshasawazisha waya za mita ziwe sifuri (ukisahau kusawazisha unaongeza kama 0.05 mpaka 0.1 ya bure kwenye kila sakiti). Unapata namba ya R1 + R2, unajumlisha na Ze uliyopima. Kwa sakiti yako, ukipata R1 + R2 0.66 au 0.68 umejua waya ni mzima, maungio yamekaza na urefu ni ule ule. Ukipata 0.95, kuna mahali terminali haijabana au kuna waya mwembamba umeungwa katikati. Namba ya hesabu ni kipimo cha namba ya mita, na mita ni kipimo cha kazi yako.

Kuna mtego kwenye kibanda cha pampu. Kama pampu imefungwa kwenye bomba la chuma lililoingia ardhini, ukipima Zs ikiwa hai unaweza kusoma namba ndogo kuliko 0.99, umefurahi. Hiyo sio sakiti yako imekuwa nzuri, ni bomba limekuwa ethi ya pili sambamba. Mwaka kesho bomba likibadilishwa likawekwa la plastiki, 0.99 yako inarudi. Kwa hiyo kwenye mstari huo andika ile kubwa, ya kujumlisha, na kwenye maelezo weka kwamba ni Ze iliyopimwa kujumlisha R1 + R2 iliyopimwa. Mkaguzi akija na mita yake akasoma namba ndogo zaidi hatashangaa, umeshamwambia.

Sasa insulesheni. Ile ∞ haikubaliki kwa sababu hakuna mita inayosoma hiyo. Mega yako ina mwisho wake, labda inaonyesha >999, labda ya zamani inaishia 200. Unachoandika ni kile kioo kilichoonyesha: >999 MΩ au >200 MΩ. Maana ya hiyo alama ni kwamba mita yangu imefika mwisho na insulesheni bado inaendelea, ni sentensi ya kweli. ∞ ni maoni. Na kwenye safu ya volti za jaribio andika 500, maana kwa sakiti za 230 mpaka volti 500 jaribio ni 500 V DC na kiwango cha chini kabisa ni 1 MΩ. Bila hiyo volti namba ya megaomu haina maana, mtu anaweza kuwa alipima na maltimita ya betri ya volti 9, ambayo haiwezi kuona insulesheni iliyochubuka.

Lakini shida kubwa sio ile alama, ni sakiti nane kufanana. Niliwahi kufanya hivyo hivyo mimi nikiwa mpya. Nilipima bodi nzima kwa pamoja, laivu na nyutro zimeunganishwa dhidi ya ethi, nikapata kama 2.3, nikasema iko juu ya 1, imepita, nikaandika 2.3 mistari yote. Fundi mkubwa niliyekuwa naye akaniambia pima moja moja. Sakiti saba mita ilifika mwisho, na moja, ya taa za nje, ikasoma 2.4. Hiyo moja ndiyo iliyovuta jumla yote chini, kwa sababu insulesheni za sakiti zote ziko sambamba kwenye bodi, na kwenye sambamba mbovu ndiye anayeamua. Ukiwa na 2.4 moja na saba za 500 kila moja, jumla ni kama 2.3. Ukiangalia jumla huwezi kujua kama una sakiti moja mbovu au una nyumba kubwa yenye sakiti nyingi za wastani, maana sakiti ishirini zenye 50 kila moja jumla yake ni 2.5 na hakuna tatizo lolote.

Sasa 2.4 kwa kanuni imepita. Ila ni nyumba mpya, waya mpya, wenzake wote wamefika mwisho wa mita. Kwangu mimi kwenye kazi mpya namba iliyojitenga na wenzake ni hitilafu mpaka nijue ni nini. Tukaitenganisha: laivu peke yake dhidi ya ethi, kama 5. Nyutro peke yake dhidi ya ethi, nayo karibu 5. Laivu na nyutro dhidi ya kila mmoja, chini pia. Zote tatu zimeshuka, na ukibonyeza mita namba haitulii. Hiyo ni unyevu, kuna mahali maji yanagusa waya zote. Ilikuwa ni taa ya ukutani nje, sili ya mpira haikukaa vizuri na mvua ya wiki ile iliingia kwenye terminali. Tukakausha, tukabadilisha sili, ikasoma kama wenzake, tukaandika namba mpya. Kama tungeacha 2.3, baada ya mvua mbili tatu ingekuwa 0.3 na RCD inaruka usiku na mwenye nyumba anamtafuta fundi.

Hiyo ya kutenganisha ikumbuke kwa sababu mega inakwambia aina ya tatizo kama ukiiuliza vizuri. Ikiwa ni laivu na nyutro tu ndio chini, na zote mbili dhidi ya ethi ziko juu kabisa, mara nyingi hakuna kitu kibovu, ni kitu kimebaki kimeunganishwa: balbu, draiva ya LED, swichi yenye taa ndogo nyekundu ndani, sensa ya giza, kengele. Ikiwa ni waya mmoja tu dhidi ya ethi na mwingine uko salama, tafuta mahali umebanwa, skrubu ya boksi imepita ndani ya waya au waya umechubuka ukivutwa kwenye kona ya paipu. Na ikiwa nyutro dhidi ya ethi inasoma sifuri kabisa, kabla hujavunja ukuta angalia kama umechomoa nyutro ya hiyo sakiti kutoka kwenye baa, maana kuna mifumo nyutro na ethi zimeunganishwa nyuma ya mita ya umeme na kama meni swichi yako inakata laivu peke yake utakuwa unapima hilo ungio tu.

Kwa hiyo kwa nyumba yako: zima meni, hakikisha hakuna umeme kwa testa uliyoihakiki, toa balbu na chomoa kila kitu kwenye soketi, swichi zote za taa ziwe zimewashwa, na zile za njia mbili zigeuze upande mmoja upime, geuza upande wa pili upime tena, la sivyo kuna kipande cha waya katikati ya swichi mbili hukukigusa. Dima na sensa zitoe au uziruke kwa kipande cha waya. Kama kuna kizuia radi na volti za ghafla kwenye bodi, kichomoe, kwa sababu vile vifaa vimetengenezwa kupitisha umeme volti zikipanda na kwa 500 V DC kitakusomea chini ukadhani waya ni mbovu. Kama hakichomoki, kanuni zinaruhusu ushuke mpaka 250 V DC lakini bado 1 MΩ ndiyo kiwango, na hapo kwenye safu ya volti andika 250, usiandike 500 kwa mazoea. Pima kwanza laivu na nyutro zikiwa zimeunganishwa pamoja dhidi ya ethi, hiyo ni salama hata kama kuna kifaa umekisahau. Ikipita ndio upime laivu dhidi ya nyutro. Na usiondoe probu mapema, waya mrefu unabaki na chaji, mita yenyewe inaimwaga, subiri volti kwenye kioo zishuke.

Ethi za sakiti zibaki kwenye baa wakati wote huo. Ukichomoa ethi ya sakiti unayopima utapata namba nzuri sana ambayo haisemi chochote, kwa sababu unapima hewa.

Kwenye mpangilio, insulesheni ni kabla ya kuwasha, R1 + R2 ni kabla yake, Ze na lupu ni baada. Nakwambia hivi kwa sababu vyeti vingine tarehe na saa zake zinaonyesha lupu imepimwa kabla ya mega, maana yake nyumba iliwashwa kabla haijajulikana kama insulesheni ni nzima.

Mstari wa sakiti ya pampu baada ya kubadili kuwa B20 ungekuwa hivi, kama mita zako zinakubaliana na hesabu:

```
Sakiti 6 | Soketi, kibanda cha pampu | B20 | 2.5/2.5
Volti 500 | L-N >999 | L/N-E >999 | R1+R2 0.67 | Zs 0.99 (kikomo 1.75)
Maelezo: Zs = Ze 0.32 iliyopimwa + R1+R2 iliyopimwa
```

Ile mistari mingine saba itakuwa na namba tofauti tofauti, na hiyo ndiyo inayofanya cheti kiaminike. Sakiti ya taa ya 1.5 ukinzani wake kwa mita ni mkubwa kuliko wa 2.5, soketi za sebuleni karibu na bodi zitakuwa ndogo, labda 0.5 hivi, na insulesheni moja ikisoma 640 wakati nyingine ni >999 iandike 640 tu, usiipandishe ifanane na wenzake. Desimali mbili kwenye Zs zinatosha. Namba za siriali za mita ulizotumia, ya mega na ya lupu, ziandike pamoja na tarehe ya kalibresheni, kama ni mita moja inayofanya vyote andika mara moja.

Mwisho, usifute kwenye kile cheti cha zamani wala usiandike juu yake. Rudi saiti, pima sakiti zote nane upya, jaza kipya kwa tarehe ya siku uliyopima kweli, na kwenye maelezo weka sentensi moja kwamba kinachukua nafasi ya kile cha kwanza na kwamba brekari ya sakiti ya pampu imebadilishwa kutoka C20 kuwa B20. Cha zamani baki nacho kwenye faili lako. Na kabla hujabeba karatasi kwa mkaguzi, chukua kila Zs toa Ze, uone kama kinachobaki kinafanana na R1 + R2 ya mstari huo. Usipopata kitu kinachofanana, usiipeleke, rudi kwenye hiyo sakiti na mita.